Zege la lori la tatu: barua pepe yangu ilisomwa kesho yake. Ningeiandikaje?

saiti_nyali
Salaam wakubwa. Mimi ni injinia mdogo, mwaka wangu wa kwanza saiti, jengo la ghorofa nne huku Nyali. Wiki jana tulimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, unene milimita 200, zege la kununua kiwandani, malori sita ya mita za ujazo sita sita. Lori la kwanza na la pili yalikwenda vizuri. La tatu lilikwama Changamwe, likafika limechelewa. Nikiwa bado nalowesha koni ya slampu, ile ya kupima ulegevu wa zege kwa milimita, foremani akaruhusu lianze kumimina kwenye pampu. Nilipopima nikapata 190, na sisi tuliagiza 100. Nikasimamisha, nikalirudisha lililobaki. Lakini kama mita moja na nusu ilikuwa imeshaingia slabuni.

Meneja wa mradi alikuwa kwenye kikao Nairobi. Nilimpigia mara mbili, simu imezimwa. Jioni nikamwandikia hivi (ofisini twaandika Kiingereza, naiweka hapa kwa Kiswahili):

*Kichwa: Ripoti ya leo*
*Injinia, habari za jioni. Leo tulianza kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza kama ilivyopangwa na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Lori la kwanza na la pili hayakuwa na shida. Lori la tatu lilichelewa kwa sababu ya msongamano na dereva alikuwa mkali sana kwa vijana. Zege lake lilionekana dhaifu na lina maji mengi. Baadhi lilikuwa limeshamwagwa kabla sijalisimamisha, lililobaki nikalirudisha. Tuliletewa jingine na tukamaliza saa kumi. Naambatisha picha.*

Akajibu asubuhi yake: "Limemwagwa wapi? Kiasi gani? Slampu ngapi? Na mbona naambiwa leo, wakati jana mchana lingeweza kutolewa kwa sepeto?"

Sikuwa na jibu la swali la mwisho. Naomba mnifundishe. Barua fupi ya jambo kama hili huandikwa vipi?

Foremani_Mtopanga
Kijana, usijilaumu kupita kiasi. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na kitu. Zege likiwa na slampu 190 ni bovu, basi, unalikataa na kumwambia bosi "zege bovu". Meneja atajua la kufanya. Na kyubu za kuvunjwa maabara si ulitengeneza? Ngoja za siku 28 ziseme. Zikipita, maneno yameisha, hakuna haja ya kuandika barua za kujichoma.

Mama_Kyubu
Foremani, nakuheshimu, lakini hapo umepata nusu.

Slampu 190 haisemi kwamba zege ni bovu. Inasema kwamba zege hili silo lililoagizwa. Kuna zege linaletwa na 190 makusudi, limetiwa dawa ya kulilegeza, na likishika linakuwa gumu kuliko hilo la 100. Ndiyo maana mwanangu hukupaswa kuandika "lilionekana dhaifu". Hukuona udhaifu, uliona namba. Andika namba. Kiwanda kikitaka kubishana, kibishane na koni, kisibishane na maoni yako.

Nina maswali mawili kabla sijasema zaidi. Sampuli uliichukua wapi, lile tone la mwanzo kabisa la mixa? Na delivari noti ilisema lilipakiwa saa ngapi?

saiti_nyali
Mama, ya kwanza niliichukua baada ya kiasi kutoka, kama toroli tatu au nne. Ilipotoka 190 sikuamini, nikachukua nyingine lilipokuwa limeendelea kutoka, ikawa 195. Tabaka tatu, kila moja nikachoma mara 25, kwenye bamba la chuma lililolala sawa. Halikubomoka wala kuanguka upande mmoja, lilishuka tu.

Noti ilisema lilipakiwa 09:10. Getini liliingia 11:05. Kipimo cha kwanza 11:20.

Mama_Kyubu
Sasa nakuelewa, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Zege lililokaa ndani ya mixa saa mbili na dakika kumi, kwa jua letu la Mombasa, lapaswa kufika limekaza. Slampu hupotea njiani. Ungeniambia umepata 60 ningesema joto na foleni. Lakini limekaa saa mbili halafu limefika limelegea karibu mara mbili ya ulichoagiza? Kitu kimeingia humo baada ya kutoka kiwandani. Ama ni dawa, na dawa ingeandikwa kwenye noti, ama ni maji ya tangi la lori.

Sisi maabara tuna hesabu ya haraka: lita tano za maji kwa kila mita moja ya ujazo hupandisha slampu kama milimita 25. Wewe umepanda 90. Ni kama lita 18 kwa mita, zaidi ya lita 100 kwa lori zima la mita sita. Chukulia mchanganyiko wenu una saruji kilo 340 na maji lita 180 kwa mita. Uwiano wa maji kwa saruji ulikuwa 0.53. Ongeza 18, umefika 0.58. Hiyo ni hesabu ya kukupa wewe picha kichwani, SI ya kuweka kwenye barua. Barua ibebe ulichopima.

Na kuhusu kungoja siku 28: kyubu hupima nguvu. Kwa jengo lililo karibu na bahari, nguvu ni nusu ya habari. Zege lenye maji mengi huacha vitobo vingi vidogo likikauka, na chumvi ya hewani hupita humo mpaka kwenye chuma. Kyubu inaweza kupita, na bado kipande hicho cha slabu kikaanza kupasuka kabla ya wenzake. Tena siku ya 28 fomu za kumwagia zege la ghorofa ya pili zitakuwa zimesimama juu yake. Utamwambia nani?

mjenga_taratibu
Mimi nina swali kama hili. Najenga kwangu Kisauni, tunachanganya wenyewe na mixa ndogo ya kukodi, maji tunavuta kisimani pale pale. Fundi anasema maji ni mengi au machache ni yeye anajua kwa jicho. Sasa niandike barua kwa nani? Na zege langu nalo ni bovu?

Mama_Kyubu
Ndugu yangu, hapa anaulizwa namna ya kuripoti zege la kununuliwa. Lakini lako lanitia wasiwasi kuliko la huyu kijana. Onja maji ya hicho kisima. Yakiwa na chumvi ulimini, usiyaweke kwenye zege lenye chuma, chumvi utakuwa umeijenga ndani kabla hata upepo wa bahari haujaileta. Nunua maji ya bauza kwa siku za kumwaga. Fungua uzi wako tukusaidie.

mjenga_taratibu
Yana chumvi kiasi. Msingi tumeshamwaga. Nafungua uzi.

PM_Tudor
Nazungumza kama msomaji wa barua hizi, maana ndiyo kazi yangu.

Nikiwa kwenye kikao simu naishika chini ya meza. Naona kichwa cha barua na labda mstari mmoja na nusu. "Ripoti ya leo" naiweka ya kusoma hotelini. Kumbe ndani kuna zege linashika dakika hii! Kijana, kosa lako kubwa si lugha. Ulikuwa na uamuzi wenye saa, ukautuma kama habari isiyo na saa. Zege bichi linatolewa kwa sepeto na toroli. Likishika, linatolewa kwa nyundo ya umeme, na nyundo hiyo inatikisa chuma na zege zuri la jirani. Tofauti ya hayo mawili ilikuwa labda saa moja tu.

Kwa hiyo kichwa cha barua chenyewe kiseme nini kimetokea, na unataka nini kutoka kwangu, kabla ya saa ngapi. Nikisoma kichwa tu nisipofungua kabisa, niwe nimeshajua kwamba lazima nitoke nje ya kikao.

Na eneo. "Baadhi lilikuwa limeshamwagwa" ni sentensi inayomnyima mtu usingizi. Mita moja na nusu ya ujazo kwenye slabu ya milimita 200 ni mita saba na nusu za mraba, chumba kidogo cha kulala. Nipe herufi na namba za mihimili, nitakiona kwenye ramani. Kipande hicho kikiwa katikati ya slabu ni jambo moja. Kikiwa kimezunguka kichwa cha kolamu, pale slabu inapotaka kutobolewa na kolamu, ni jambo zito zaidi, na nitampigia injinia wa miundo kabla sijakujibu.

saiti_nyali
Kiko kati ya C4 na D4, kimegusa upande wa kolamu C4.

PM_Tudor
Basi ndiyo maana meneja wako alijibu kwa ukali.

ndani_ya_kiwanda
Mimi nafanya kazi upande wa pili, kiwanda cha zege (sitakitaja, na silo lori letu hilo nijuavyo). Niwaambie kinachotokea malalamiko yakifika kwetu.

La kwanza tunaloangalia ni noti. Je, mtu wa saiti alisaini? Akisaini tupu, bila neno, ofisi yetu inahesabu kwamba mzigo umepokelewa. Andika kwa mkono wako pale pale, kabla dereva hajaondoka: "limekataliwa, slampu 190, saa 11:25, mita 4.5 zimerudi", dereva naye asaini. Kisha piga picha. Mstari huo mmoja una uzito kuliko kurasa tatu za barua.

La pili, nambari ya noti. Kwa nambari hiyo tunatoa karatasi ya mizani ya bachi: saruji kilo ngapi, maji lita ngapi, dawa gani. Hapo ndipo inajulikana kama maji yalizidi kiwandani kwetu au yaliongezwa njiani. Barua isiyo na nambari inatufanya tutafute "lori la tatu" la nani, na siku hiyo tumetoa malori arobaini.

La tatu, msiandike "dereva aliongeza maji" kama hamkumwona. Mara nyingi ni kweli, sikatai. Dereva akikaa Kibarani nusu saa anaogopa zege lisije likamgandia ndani ya pipa, anafungua maji. Lakini ukiandika usichokiona, mwanasheria wetu atashika hilo moja na kuacha slampu yote.

saiti_nyali
Msaidizi wa dereva alimwambia kijana wetu wa pampu kwamba "tulililainisha kidogo pale Makupa". Mimi sikusikia kwa masikio yangu. Niliweke au nisiliweke?

Mama_Kyubu
Liweke, ila mahali pake. Barua yako iwe na vyumba viwili: nilichopima, na nilichoambiwa na nani. Msomaji asiulize kipi ni kipi.

Foremani_Mtopanga
Nimesoma yote. Kuhusu kungoja siku 28 nakubali nilikosea, sikuwaza habari ya fomu za juu. Lakini kulitoa zege kwa sepeto siafiki bado. Nimewahi kuona wametoa kipande namna hiyo. Vijana walikanyaga chuma cha juu kikalala, vitegemeo vyake vikavunjika, na la zamani likachanganyikana na jipya pembeni. Walipomaliza, lile eneo lilikuwa baya kuliko lingeachwa. Na lilikuwa limeshatiwa vaibreta, mpaka wake na zege la lori la pili huuoni tena.

Mama_Kyubu
Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu uamuzi si wa injinia mdogo peke yake. Mimi ningelitoa, kwa kuwa ni kando ya kolamu. Ningeweka mbao za kukanyagia na ningetoa hadi nusu mita kupita alama. Wewe ungeliacha, ulipime baadaye. Watu wawili wazoefu tunatofautiana. Lakini wote wawili tungetaka tuulizwe likiwa bado bichi.

saiti_nyali
Nimejaribu upya, kama ningeiandika mchana ule ule. Tafadhali kosoeni bila huruma.

*Kichwa: Lori la 3 limekataliwa. Mita 1.5 zimo slabuni C4–D4, naomba uamuzi kabla ya 12:30*

*Injinia,*

*Lori la 3 limeleta zege la slampu 190 mm, tuliagiza 100 mm. Nimelisimamisha 11:25. Kabla ya hapo mita za ujazo kama 1.5 zilikuwa zimemwagwa kati ya C4 na D4, zikigusa upande wa kolamu C4. Bado ni bichi. Naomba uniambie tulitoe au tuliache. Baada ya 12:30 sidhani litatoka kwa sepeto.*

*Nilichopima: slampu mara mbili, 190 na 195 mm. Lori la 1 lilikuwa 95, la 2 lilikuwa 105. Noti nambari ____: lilipakiwa 09:10, limefika 11:05. Noti haionyeshi dawa yoyote iliyoongezwa baada ya kupakiwa.*

*Nilichoambiwa: msaidizi wa dereva amemwambia kijana wa pampu kwamba walililainisha njiani. Mimi sikuona.*

*Nilichofanya: mita 4.5 zimerudishwa na noti imeandikwa hivyo, dereva amesaini. Nimetengeneza kyubu tatu za lori hili. Eneo nimeliwekea alama ya rangi kwenye fomu ya pembeni. Lori la 4 linafika 12:00. Nitalipima kabla halijamimina, na nitaanza nalo mhimili wa 2 ili ukingo ule usikauke tukikungoja.*

*Nimekupigia 11:32 na 11:40. Niko saiti, simu iko mkononi.*

PM_Tudor
Hii ningetoka nje ya kikao. Neno moja tu: na usipojibiwa je? Mimi huwaambia vijana wangu waongeze mstari: "Nisipopata jibu kufikia 12:15 nitampigia injinia wa miundo." Simu iliyozimwa isiwe ndiyo iliyoamua.

Na nimependa umeacha habari za dereva mkali. Inauma, najua, lakini ina barua yake siku nyingine.

ndani_ya_kiwanda
Saa umeziandika kama zilivyo kwenye noti, 09:10 na 11:25. Dumu na hilo. Tuliwahi kupata barua imeandikwa "saa 3:10", wenzetu wa ofisi ya Nairobi wakadhani ni alasiri, wakatafuta bachi ya mchana siku mbili nzima. Mwandishi alikuwa na maana ya asubuhi, kwa saa yetu ya Kiswahili.

Mama_Kyubu
"Mita kama 1.5" ulizipataje?

saiti_nyali
Kwa kukisia. Opareta wa pampu alisema mipigo mingapi, nikazidisha.

Mama_Kyubu
Basi andika hivyo: "kwa makadirio ya mipigo ya pampu". Maneno machache tu. Na hizo kyubu uliziandika alama ya lori la 3? Maana nimeona saiti nyingi kyubu sita zimelala kwenye tangi la maji, zote zimeandikwa tarehe tu, na hakuna ajuaye ipi ni ya lori gani.

saiti_nyali
Nilichora L3 kwa msumari zikiwa bado laini. Moja itavunjwa siku ya 7, mbili siku ya 28.

kibandani_shimanzi
Samahani naingia nimechelewa. Hiyo barua, kiwanda wanakiliwe au la? Kwetu tuliwanakili, wakamfikia mteja kabla ya meneja wetu, ikawa vurugu.

PM_Tudor
Mimi nasema la. Injinia mdogo ananiandikia mimi. Kwa kiwanda naandika mimi, kwa maneno ya mkataba.

ndani_ya_kiwanda
Nami nasema tunakilini, angalau msimamizi wa bachi. Tukijua 11:50 tunasimamisha lori la 5 kabla halijapakiwa kwa kosa lile lile. Tukijua kesho, mmeshapokea mawili zaidi.

PM_Tudor
Kwa hilo anyanyue simu ampigie msimamizi wa bachi. Barua ibaki ndani.

kibandani_shimanzi
Na sisi tulipiga simu, baadaye wakakana kwamba walipigiwa.

Foremani_Mtopanga
saiti_nyali, hicho kipande sasa wameamua nini?

saiti_nyali
Injinia wa miundo alikuja jana. Ameagiza tusisimamishe vitegemeo vya ghorofa ya pili juu ya eneo la C4–D4 mpaka kyubu ya siku ya 7 ivunjwe. Ikiwa chini sana kuliko za lori la 1, watatoboa na kuchukua vipande vya mviringo hapo hapo slabuni, baada ya kutafuta chuma kwa kifaa ili wasikikate. Kuhusu chumvi alisema atafikiria kupaka kitu upande wa chini, hajaamua. Karatasi ya bachi kutoka kiwandani bado hatujaletewa.

Kyubu ya kwanza inavunjwa Alhamisi. Nitaleta namba hapa, ya L3 na ya L1.

Mama_Kyubu
Leta. Na uipime kwa mizani kabla ya kuvunjwa, ya L3 na ya L1 zote mbili. Ikiwa ya L3 ni nyepesi dhahiri, andika na hilo.